Chupa imeandikwa 300, wewe unapata 39

Naanza na hesabu ya darasa la sita, na ukishindwa usijali, nitakufanyia. Tembe moja ya kalsiamu lakteti, ile nyeupe inayouzwa kwa kuhesabiwa kwenye kemisti, imeandikwa miligramu 300. Ukimeza tatu kwa siku umemeza kalsiamu ngapi? Umesema 900? Umekosa. Umemeza 117.

Iko hivi. Kalsiamu haikai peke yake kwenye tembe. Ni metali, na ukiiacha uchi inagombana na maji na hewa, kwa hivyo watengenezaji huifunga na kitu kingine ndio itulie. Ikifungwa na lakteti, uzito mwingi wa tembe ni hiyo lakteti, na kalsiamu yenyewe ni kama asilimia 13 tu. Asilimia 13 ya 300 ni 39. Mara tatu ni 117, yaani kalsiamu iliyo kwenye maziwa ambayo hayajai hata nusu kikombe.

Sasa weka hiyo hesabu kwa mtu. Binamu yangu ana miaka 21, mimba ya kwanza, anaishi bedsita na anauza nguo mtandaoni. Wiki ya 22 akaenda kliniki, sista akampima presha, akampa tembe za kuongeza damu za bure, akamwambia, "Mama, kalsiamu hatuna, nenda ununue." Hiyo tu. Hakuandikiwa kipimo, hakuelezwa aina, hakuambiwa ni ya kazi gani. Akaingia kemisti ya kwanza akasema, "Dokta, naomba kalsiamu ya mama mjamzito." Akahesabiwa tembe za 300, zikatiwa kwenye bahasha ya khaki, juu ikaandikwa 1x3. Akaenda nyumbani akijua amefanya kila kitu alichoambiwa. Na kweli alikuwa amefanya! Ndio maana nimekasirika.

Ili apate miligramu 500 za kalsiamu yenyewe kwa zile tembe, angemeza 13 kwa siku. Hakuna mtu atameza tembe 13. Na hakuna aliyemwambia kwamba kwenye rafu hiyo hiyo kuna kalsiamu kaboneti, ambayo asilimia 40 yake ni kalsiamu, na tembe moja ya kaboneti ya miligramu 1,250 inakupa 500 kamili. Tembe moja hapa, 13 pale, na zote kwenye kaunta zinaitwa "kalsiamu".

Wengine mtasema, kwani hii kalsiamu ni ya nini hasa, si ni ya mifupa? Hapo ndipo watu wengi wameachwa, hata wasichana ambao tayari wana mimba. Kalsiamu kliniki haipendekezwi kwanza kwa sababu ya mifupa ya mtoto. Inapendekezwa kwa sababu ya preeklampsia, ile mtaani tunaiita presha ya mimba. Ni hali inayoingia baada ya wiki ya 20. Presha inapanda hadi 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini inaanza kupita kwenye mkojo, au figo, ini na ubongo vinaanza kuonyesha kwamba mambo si mazuri. Ikienda mbali zaidi mama anashikwa na degedege, na hapo inaitwa kifafa cha mimba. Inaua mama, inaua mtoto, na mara nyingi inachagua wale wa mimba ya kwanza. Wenye umri mdogo kabisa wako kwenye hatari pia. Yaani ni watu wa rika letu.

Nilisoma na msichana mmoja aliyepata kifafa akiwa na mimba ya miezi minane. Majirani wa ploti walidhani ni mapepo, wakamwombea kwanza, halafu wakatafuta gari. Aliponea. Mtoto hakuponea. Siwezi kukuambia kalsiamu ingemwokoa, hakuna mtu anayeweza kukuambia hivyo kuhusu mtu mmoja. Ninachojua ni kwamba alikuwa kwenye kundi ambalo hii kitu imetengenezewa, na hakuwahi kusikia neno hilo.

Kuhusu jinsi kalsiamu inavyoingia kwenye presha, hadithi yenyewe ni tamu na imeanzia kwenye mahindi, kwa hivyo Wakenya kaeni chini. Mwaka 1980 madaktari wawili, José Belizán na José Villar, waliandika kuhusu wanawake wa Kimaya wa Guatemala. Hao walikuwa maskini, na kwa kawaida umaskini na kifafa cha mimba hutembea pamoja, lakini kwao kifafa kilikuwa nadra. Wakaangalia chakula. Wamaya wanakula mahindi kama sisi, tofauti ni kwamba kabla ya kupika wanayaloweka kwenye maji ya chokaa, ganda lilainike. Chokaa ni kalsiamu. Kumbe kila chapati yao ya mahindi ilikuwa imebeba kalsiamu bila mtu kupanga.

Sisi tunachukua mahindi yale yale, tunayakoboa, tunayasaga yakawa meupe kama karatasi, tunasonga ugali. Kalsiamu iliyobaki kwenye ule unga ni karibu na hakuna.

Maelezo ambayo wanasayansi wengi hutoa ni haya. Kalsiamu ya chakula ikiwa kidogo, mwili unaingiwa na hofu, unatoa homoni ya kuivuta kutoka kwenye mifupa. Homoni hizo hizo zinasukuma kalsiamu iingie ndani ya misuli ya mishipa ya damu, na misuli ikijaa kalsiamu inakaza. Mishipa ikikaza, presha inapanda. Kwa hivyo, ingawa inasikika kinyume, ukila kalsiamu ya kutosha mishipa inalegea.

Na hapa ndipo neno muhimu lilipo: ukila kidogo. Faida inaonekana hasa kwa wanawake ambao chakula chao cha kila siku hakina kalsiamu ya kutosha. Kama umekulia boma lenye ng'ombe Nandi au Kajiado na unapiga mursik au maziwa freshi vikombe vitatu kila siku, hii vita si yako sana. Lakini nilimfanya binamu yangu aniandikie alichokula jana yake, tukapiga hesabu pamoja kwenye simu.

Asubuhi chai na mandazi mbili. Mchana wali maharagwe ya kibanda. Jioni chai tena, halafu ugali na sukuma. Chai zote mbili ukizichuja maziwa hayafiki mililita 100, hiyo ni kama 120. Mandazi tuziwekee 20. Maharagwe, tuwe wakarimu, 80. Ugali usijisumbue. Sukuma wiki ndiyo shujaa wa siku, sahani yake ya kawaida inaweza kukupa kama 150, na mwili unaipokea vizuri kuliko ile ya spinachi, ambayo ina kalsiamu kwenye karatasi lakini imefungwa na asidi inayoizuia isiingie kwenye damu. Jumla ilikuja kama 370. Mjamzito anahitaji kati ya 1,000 na 1,300 kwa siku, kulingana na umri wake na mwongozo unaofuatwa. Ameshindwa hata kufika nusu, na hiyo ilikuwa siku nzuri, siku ya sukuma.

Ongeza zile 117 za bahasha ya khaki, unafika 487. Weka mahali pake tembe moja ya kaboneti yenye 500, unafika 870. Siku ile ile, mtu yule yule, na tofauti yote imetokana na aliyesimama nyuma ya kaunta alichoamua kuchota.

Najua tayari kuna mtu anaandika "si anywe tu maziwa". Sina shida na maziwa. Lakini fanya hesabu kabla ya kuhubiri. Miligramu 500 ni zaidi ya mililita 400 za maziwa, karibu pakiti nzima ya nusu lita, yake peke yake, juu ya chai, kila siku kwa miezi minne na nusu. Nyumba gani ya mtaani pakiti ya nusu lita inanunuliwa mtu mmoja aifungie kabatini? Maziwa yakiingia kwenye hiyo nyumba yanapikwa chai ya watu watano. Omena inasaidia sana kwa sababu unatafuna na mifupa yake, uji wa wimbi pia, na mtu akivipata ale. Ila "anywe tu maziwa" ni jibu la mtu ambaye hakuhesabu.

Halafu kuna ya "bibi zetu hawakumeza tembe na walizaa kumi". Bibi yako ndiye aliyeishi, ndio maana unamjua. Wale walioshikwa na degedege wakaenda nayo hawana wajukuu wa kuwatetea mtandaoni, na ukiuliza wazee watakuambia fulani alirogwa akiwa na mimba. Na tena bibi yako alikunywa uji wa wimbi na maziwa ya ng'ombe wake. Hakuishi na smokie na soda.

Na kabla sijasahau, odowa. Wasichana wengi wenye mimba wanatafuna zile jiwe wakiamini ni kalsiamu ya bei rahisi. Tafadhali usiziweke kwenye hesabu. Hakuna anayejua iliyo kwenye kipande chako ni nini, udongo wa aina hiyo unashika chuma ya chakula tumboni ukabaki bila damu, na unaweza kukupa minyoo na risasi kama zawadi. Hamu ya kutafuna udongo yenyewe mara nyingi inakuja na upungufu wa damu. Mwambie sista, asikie hiyo pia.

Sasa tuje kwa wakubwa, kwa sababu lawama zote haziwezi kuishia kwa dokta wa kemisti. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa 2016 lilisema hivi: mahali ambapo watu hula kalsiamu kidogo, mama apewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu halisi kila siku. Mwaka 2020 likarudia kipimo hicho. Gramu 1.5 ni tembe tatu za 500, na zinafaa kugawanywa ndani ya siku kwa sababu tumbo haliwezi kufyonza nyingi kwa mkupuo mmoja. Ukianza wiki ya 20 hadi ya 40 hizo ni siku 140, tembe 420. Kila moja ina uzito wa gramu 1.25 za kaboneti, kwa hivyo ni zaidi ya nusu kilo ya tembe kwa mimba moja. Sasa wewe ni afisa wa kaunti unapanga bajeti na lori la dawa. Utafanya nini? Utasema ni kitu kizuri sana, halafu utaagiza kitu kingine. Na mama mwenyewe, ambaye tayari anatapika akiona tembe ya damu, ataweza kumeza tatu kubwa kama vifungo vya koti? Kipimo kile kilikuwa sawa kwenye karatasi na kigumu kwenye sufuria.

Hapo ndipo Dar es Salaam ilipoingia, na sijui kwa nini hii habari haikuvuma huku kwetu, jirani hapo tu. Januari 2024 yalichapishwa matokeo ya tafiti mbili pacha, moja ya Dar na nyingine ya Bengaluru, India. Kila mji uliandikisha wanawake 11,000, wote mimba ya kwanza. Kila mmoja alipewa tembe tatu kwa siku. Nusu yao zote tatu zilikuwa na kalsiamu, jumla 1,500. Nusu nyingine, moja ilikuwa na 500 na mbili hazikuwa na kitu, na mama hakujua yuko upande gani. Dar, waliopata preeklampsia walikuwa asilimia 3.0 kwa wale wa 500, na 2.7 kwa wale wa 1,500. Bengaluru ilikuwa 3.0 kwa wa 500 na 3.6 kwa wa 1,500. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba walihitimisha kipimo cha chini si kibaya kuliko cha juu katika kuzuia preeklampsia.

Tembe moja. Lori moja badala ya matatu, tembe 140 badala ya 420. Kisingizio cha "haiwezekani" kilikufa hapo.

Nataka niwe mkweli kwenu, kwa sababu kuna watu wakishasoma hii watakimbia kuuza kalsiamu kama maji ya upako. Utafiti wa Dar haukuwa na kundi ambalo halikupewa kabisa, kwa hivyo umeonyesha kwamba 500 inakaribiana na 1,500, haukupima 500 dhidi ya sifuri. Na kwa watoto kuzaliwa kabla ya wakati, Bengaluru ilipita lakini Dar haikuweza kuthibitisha kwamba kipimo cha chini kinatosha. Tukirudi nyuma, mwaka 2006 WHO ilitoa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 8,000 katika nchi sita, wakipewa gramu 1.5 au tembe tupu. Preeklampsia yenyewe haikupungua kwa kiasi cha kusherehekea. Kilichopungua ni ubaya wake: waliofika hadi degedege walikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja. Tafiti ndogo huonyesha faida kubwa zaidi, tafiti kubwa huonyesha ya wastani, na mimi nikichagua kuamini naamini kubwa. Hata hiyo ya wastani, kwa tembe ambayo malighafi yake ni ndugu wa chaki ya ubao, naichukua.

Hiyo pia ndiyo jibu langu kwa timu ya "ni biashara ya makampuni ya dawa". Kaboneti haina mwenyewe. Hakuna anayeimiliki, na ndio maana hakuna anayeitangaza. Ukitaka kuona biashara, angalia ile chupa ya rangi ya waridi yenye picha ya mama akitabasamu, vitamini kumi na mbili, bei ya vifurushi vya unga, halafu geuza nyuma usome: kalsiamu 150. Mama analipa pesa nyingi kwa 150 kwa sababu chupa ni nzuri. Mwenye lakteti amepunjwa kwa unyonge na huyu amepunjwa kwa fahari.

Kwa hivyo hivi ndivyo unasoma. Usisome namba kubwa ya mbele kwanza. Tafuta jina la pili, lile linalofuata kalsiamu. Ikiwa ni kaboneti, zidisha kwa 0.4. Sitreti, zidisha kwa 0.21. Lakteti, 0.13. Glukoneti ndiyo mbaya zaidi, 0.09. Ukikuta lebo imesema wazi kalsiamu elementali, hiyo namba usiipunguze tena, ndiyo kalsiamu yenyewe. Kuna chupa zinaandika 500 mbele na ukigeuza unakuta ni 500 za kaboneti, yaani 200 mkononi. Zingine zinaandika 500 na wanamaanisha 500 kweli, kaboneti ikiwa 1,250. Zinakaa zimeshikana mabega kwenye rafu moja. Kama lebo haielezi ni ya namna gani, muulize mwenye duka, na akisema "zote ni sawa" tafuta duka lingine.

Ukishaipata, kuna jambo moja ambalo linaharibu kila kitu, na binamu yangu alikuwa anafanya hilo pia. Alikuwa anameza kalsiamu na tembe ya damu kwa pamoja asubuhi, na chai juu, ndio asisahau. Kalsiamu na chuma zikikutana tumboni zinasukumana mlangoni na chuma ndiyo hupoteza. Chai nayo inashika chuma kivyake. Kwa hivyo alikuwa anapoteza ile ya bure ya kliniki kwa sababu ya ile aliyonunua. Tulichofanya ni kuzitenganisha. Kaboneti inataka asidi ya tumbo ndio iyeyuke, kwa hivyo inaenda na chakula, akaiweka na wali wake wa mchana. Tembe ya damu akaihamisha usiku kabla ya kulala, saa kadhaa baada ya chai ya jioni, na maji peke yake. Zote mbili zinaweza kufunga choo, na hapo maji na mboga ndiyo dawa. Ukiwa umewahi kuwa na mawe kwenye figo, au unameza dawa za tezi, ongea na daktari kwanza usijipangie. Na kama daktari wako amekuandikia 1,500, usipunguze kwa sababu umesoma kitu changu. Mpelekee habari ya Dar muongee.

Kuna kosa jingine ambalo linaniogopesha kuliko la lebo. Mtu anameza kalsiamu vizuri kabisa, halafu kichwa kinaanza kumgonga wiki ya 33, anasema "mimi niko kwenye kalsiamu, itakuwa ni jua". Hapana. Kalsiamu inapunguza uwezekano, haishushi presha ambayo imeshapanda na haitibu chochote. Kichwa kinauma na hakitulii, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hiyo ni hospitali leo, si kesho asubuhi matatu zikianza. Preeklampsia inaweza pia kuja kimya bila hata dalili moja, na ndio sababu presha na mkojo vinapimwa kila ukienda kliniki. Ukipimwa, uliza namba. Ikiandikwa kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto, isome mwenyewe. Na kama mama yako au dada yako alipata, au wewe mwenyewe mimba iliyopita, sema mapema kabisa, kwa sababu walio kwenye hatari kubwa huweza kuandikiwa pia aspirini ya kipimo kidogo na hiyo inafaa kuanza kabla ya wiki ya 20.

Binamu yangu alibadilisha tembe wiki ya 25 na akajifungua salama. Hiyo si ushahidi wa chochote, wengi hujifungua salama bila kalsiamu. Nimeisema tu kwa sababu mtaniuliza.

Kwa wizara na kaunti ninachotaka kinaingia kwenye sentensi mbili. Tembe ya damu tayari inafika hadi zahanati ya mwisho kabisa, kwa hivyo njia ipo na lori lipo. Pakieni tembe moja ya 500 halisi kando yake, kila siku kuanzia wiki ya 20, na mwambieni mama moja ni ya mchana na nyingine ni ya usiku.

Na kwa wewe dokta wa kemisti, wewe ambaye mtaani tunakuamini kuliko hospitali kwa sababu uko karibu na huna foleni: ile bahasha ya khaki ina nafasi ya kutosha. Ukishaandika 1x3, andika chini yake ni miligramu ngapi za kalsiamu yenyewe kwa kila tembe. Ukiandika "39" kwa mkono wako halafu umtazame mama mjamzito anayekulipa, sidhani utamuuzia.